Nimecheza trendi nikapata watazamaji 60,000, mbona oda ni zile zile?

Swali: Kaka habari. Nauza viungo vya pilau na masala ya chai, niko Magomeni, peji yangu ya TikTok ina watu kama 4,000. Mwezi uliopita nilicheza sauti iliyokuwa inavuma, ikafika watazamaji 60,000 lakini oda hazikuongezeka, alafu wateja wawili wa zamani wakaniuliza kama nimeacha kuuza viungo. Logo naweka kila klipu. Nitaingiaje kwenye trendi bila kupoteza brandi yangu?

Jibu: Nzuri dada. Tuanze na hiyo logo maana ndo kitu kinachonichosha kila wiki, yani mtu anacheza dansi sekunde 15, hamna bidhaa, hamna neno la biashara, alafu anabandika logo kwenye kona anaona brandi yake iko salama. Logo haimwambii mtu chochote kama hakujui. Na wale wanaokujua ndo hao wawili waliokuuliza kama umeacha kuuza viungo, wameiona logo vizuri tu na bado hawakuelewa unafanya nini.

Brandi yako ni lile jambo moja ambalo mteja akikosa kwako hapati kwa jirani. Sijui lako ni lipi lakini tuseme unasaga viungo siku ile ile mtu anayoagiza. Hilo ni jambo kubwa, kwasababu bizari nyembamba na iliki zikishasagwa zikakaa kwenye kopo harufu inakimbia, na mama yeyote anayepika pilau analijua hilo hata kama hajawahi kulisema. Liandike kwenye karatasi kabla hujafungua simu: "Nasaga siku unayoagiza." Trendi yoyote itakayokuja saivi swali ni moja, inaweza kubeba sentensi hii au haiwezi?

Na hapa ndo watu wengi wanapokosea. Sauti karibu zote zinazovuma zina mahali zinapogeuka, biti inadondoka, au mtu anakatisha maneno, au kimya kinaingia ghafla. Mtazamaji ameshasikia sauti hiyo mara 20, anajua geuko linakuja na anasubiri uweke nini pale. Hiyo ndo nafasi pekee trendi inayokupa, na wewe ukaweka kiuno. Sisemi kudansi ni vibaya, nasema pale palipokuwa na macho ya watu wote hapakuwa na viungo.

Chukua sauti ambayo biti inadondoka sekunde ya 4. Sekunde ya 0 simu iko karibu kabisa na kopo la viungo vya dukani, mkono wako unafungua, unanusa, uso hauridhiki, maandishi yanasema "Pilau inaiva lakini haina harufu?" Usiongeze neno. Sekunde ya 4 biti inadondoka na mchi unapiga kinu hapo hapo, bizari inapasuka, iliki zinaruka, kamera imeshuka mpaka mtu anaona vumbi la mdalasini kwenye vidole vyako. Maandishi: "Nasaga siku unayoagiza." Sekunde ya 8 unafunga pakti unaandika tarehe ya leo kwa kalamu, jina la mteja hatulioni. Basi, umemaliza. Mdundo ni wa trendi, kinu ni chako, na ukiwa na sauti ya kuongea punguza muziki uwe chini ili sauti yako iwe juu yake, kwasababu wateja wako wa zamani wanaijua sauti yako kuliko wanavyoijua logo. Maandishi yaweke katikati kwenda juu, chini kabisa kapsheni inayafunika na kulia kuna vitufe.

Kabla hujaposti fanya majaribio mawili. Zima sauti uangalie klipu kimya kimya, kama huwezi kujua unauza nini rudia. Alafu jiulize, nikitoa viungo nikaweka viatu klipu itabaki na maana ile ile? Kama ndio, hiyo klipu ni ya yeyote, sio yako, na ile ya watazamaji 60,000 nina uhakika ingeuza viatu vile vile, yani isingeuza.

Kuhusu wale 60,000, fungua Analytics ya ile klipu uangalie watazamaji wako nchi gani na wameacha kuangalia sekunde ya ngapi. TikTok inawapelekea klipu watu wanaopenda vitu vinavyofanana nayo, ulicheza dansi ikawatafuta wapenda dansi, ilifanya kazi yake vizuri. Kama wengi wako nje na wewe unapeleka mzigo kwa bodaboda hapa Dar, hao hawawezi kununua hata wakitaka. Mi naangalia vitu viwili tu, wangapi wametoka kwenye klipu wakafungua profaili, na wangapi wameuliza bei inboksi. Klipu ya watu 3,000 yenye maswali 15 ya bei naichukua kuliko hiyo yako.

Jambo lingine ambalo hukuuliza ila litakukuta. Ukiweka akaunti ya biashara TikTok inakupa muziki ulioruhusiwa kibiashara tu, sauti nyingi zinazovuma hutazipata, na watu wanashauriana warudi akaunti ya kawaida ili wazipate. Usifanye hivyo kwa ajili ya kuuza. Mwaka 2020 dunia nzima ilicheza Jerusalema ya Master KG, Ujerumani mpaka polisi na wazima moto wakacheza, mwaka 2021 kampuni ya muziki ya Warner Music ya huko ikawadai malipo ya leseni ya kutumia wimbo na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ikalipa. Hao hata hawakuwa wanauza kitu. Wewe unaweza kuchukua muundo wa trendi, lile geuko, ukaweka mlio wa kinu chako badala ya wimbo, na mara nyingi inatoka nzuri zaidi maana hakuna mwingine mwenye mlio huo.

Sasa hawa wanaouza vifurushi vya kutrendi, orodha ya sauti 30 za wiki, posti mara 3 kwa siku, folowaz 5,000 kwa bei ya chakula cha mchana. Wanakera kwasababu wanachukua hela ya mtu mwenye mtaji mdogo na wanamwachia peji iliyoharibika. Folowaz wa kununua hawaangalii, ukiposti wanapita, na namba zako zote zinaanza kukudanganya. Niliwahi kufanya kazi na mama mmoja anashona sare za shule, mmoja wa hao alimwambia acheze vichekesho kila siku kuanzia Oktoba ili "aamshe peji". Ikaamka kweli. Januari shule zinafungua, akaposti sweta na sketi na bei zake, komenti ya kwanza ikasema "mama leo vipi, tuchekeshe". Ya pili hivyo hivyo. Nilizipitia komenti zote za wiki ile, waliouliza saizi walikuwa wawili, na wote ni wateja wake wa tangu zamani, wale wa kabla ya vichekesho. Ilimchukua mpaka muhula wa pili kuwarudisha wazazi, na ilibidi afute klipu nyingi kwa mkono, moja moja.

Wewe hujafika huko, una klipu moja tu ya kudansi. Usiifute, ibandue tu kama umeibandika juu ya profaili, alafu pale juu weka ile ya kinu.