Wastani wa siku nne na nusu, na mteja wa Songea anayesubiri wiki ya pili

Kila mwisho wa mwezi bosi anauliza swali lilelile: oda zetu zinafika kwa siku ngapi? Mimi ninasimamia usafirishaji kwenye duka la jumla la spea za pikipiki Kariakoo, na wateja wetu wengi wako mikoani. Wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa simu, sisi tunafunga mzigo na kuupeleka kwenye basi. Bosi anapenda ajibiwe kwa namba moja, na kwa muda mrefu namba hiyo ilikuwa wastani. Kama nawe unafanya kazi ya namna hii, ushauri wangu ni kwamba usiupeleke wastani mbele ya bosi ukiwa peke yake, wala usimwahidi mteja kwa kuutegemea.

Tuangalie oda 20 za mwezi mmoja. Namba hizi nimezirahisisha ili mtu aweze kuzikokotoa kwa kidole, ila sura yake ndiyo tunayoiona dukani. Kila namba ni siku tangu mteja alipoagiza hadi alipoupokea mzigo, na nimezipanga kutoka ndogo kwenda kubwa:

```
2 2 2 2 2 3 3 3 3 3 3 3 4 4 4 4 5 9 12 17
```

Ukizijumlisha unapata 90. Gawa kwa 20, wastani ni siku 4.5. Bosi akisikia hivyo anawaambia vijana wa mauzo wawaahidi wateja siku nne hadi tano, na kwa kweli oda 17 kati ya 20 zimo humo. Sasa tazama zile tatu za mwisho: 9, 12 na 17. Wenye oda hizo hawakuchelewa kidogo. Wa mwisho alisubiri karibu mara nne ya wastani.

Oda nyingi, 16 kati ya 20, zilifika ndani ya siku 4, yaani chini ya wastani wenyewe. Oda tatu za mwisho ndizo zilizouvuta wastani juu, lakini zenyewe hazionekani ndani yake. Kwa hiyo 4.5 haimwelezi mteja wa kawaida, ambaye alipata mzigo siku ya tatu, wala haimwelezi aliyechelewa. Sababu ni kwamba muda wa kusafirisha una mwisho upande mmoja tu. Mzigo wa Songea hauwezi kufika kabla ya kufungwa na basi kutembea, lakini kuchelewa hakuna kikomo. Kasi ikizidi sana utaokoa siku moja, mambo yakiharibika utapoteza wiki mbili.

Ndiyo maana siku hizi ninatumia pasentaili. Neno linatisha kuliko hesabu yenyewe. Panga siku zako kutoka ndogo kwenda kubwa, kisha hesabu kutoka kushoto. Pasentaili ya 50 ni ile ya katikati: nusu ya oda zilifika ndani ya siku hizo. Kwenye orodha yetu ni 3. Pasentaili ya 90 ni siku ambazo oda tisa katika kila kumi zilikuwa zimeshafika. Asilimia 90 ya oda 20 ni 18, basi tazama namba ya 18: ni 9. Sasa nina cha kumweleza bosi: "Mteja wa kawaida anapata mzigo siku ya tatu, lakini tukitaka kuahidi jambo tutakalolitimiza mara tisa kati ya kumi, lazima tuseme siku tisa." Hapo bosi hukunja uso, na mazungumzo ya maana ndiyo huanza.

Kwenye Excel, kama siku zako ziko safu ya D:

```
=AVERAGE(D2:D21)
=MEDIAN(D2:D21)
=SMALL(D2:D21,18)
=COUNTIF(D2:D21,"<=5")/20
```

Mstari wa tatu ndio pasentaili ya 90 kwa oda 20. Wa nne unakuambia sehemu ya oda zilizofika ndani ya ahadi ya siku tano, na hapa utapata 0.85. Najua kuna `=PERCENTILE(D2:D21,0.9)`, na yenyewe itakupa 9.3 badala ya 9, kwa sababu inachukua sehemu kidogo ya pengo lililopo kati ya namba ya 18 na ya 19. Si kosa. Ila mimi napenda namba ambayo ni siku za oda halisi, ninayoweza kuinyooshea kidole, na ipo sababu nyingine nitakayoifikia.

Mwezi uliofuata tuliongeza bodaboda wa kupeleka oda za Dar es Salaam siku hiyohiyo au kesho yake. Orodha ikawa hivi:

```
1 1 1 1 1 2 2 2 2 2 2 2 3 3 3 3 6 11 14 18
```

Jumla ni 80, wastani ni siku 4.0. Umeshuka kutoka 4.5, na kila mtu ofisini akafurahi. Lakini namba ya 18 ilikuwa 9, sasa ni 11. Wateja wa mjini wameharakishiwa, wa mikoani wamechelewa zaidi, na wastani umetangaza kwamba mambo ni mazuri. Mwenye duka mmoja wa Songea alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, mnaniambia siku nne, mimi hapa pikipiki za watu ziko chini wiki ya pili inaisha." Wastani usingempa haki mama huyo hata kidogo.

Kutokana na hilo tukatenganisha njia. Oda za Dar zina karatasi yake, Morogoro na Dodoma karatasi yake, na njia ndefu za Songea, Sumbawanga na Kigoma karatasi yake. Ukizichanganya, mwezi ambao Dar imeagiza sana namba zote hupendeza hata kama hakuna kilichorekebishwa. Ubaya wa kutenganisha ni kwamba oda zinakuwa chache kila upande. Ukiwa na oda 20, pasentaili ya 95 ni namba ya 19, kwa hiyo juu yake imebaki oda moja tu ya kuitetea. Kwa njia yenye oda chache mimi nakusanya miezi mitatu pamoja na kuishia pasentaili ya 90.

Pia usichukue pasentaili za 90 za miezi mitatu ukazigawa kwa tatu. Jibu lake halina maana. Rudi kwenye oda zenyewe, ziunganishe, uzipange upya, uhesabu upya.

Jambo linalopotosha hesabu kuliko yote ni oda ambazo hazijafika. Watu wengi huchukua oda zilizopokelewa mwezi huo na kuzipigia hesabu. Matokeo yake, oda iliyokwama haimo, kwa sababu haina tarehe ya kupokelewa. Yaani oda mbaya kuliko zote ndiyo inayotoroka ripoti, kisha inaibukia mwezi unaofuata wakati hakuna tena anayeiulizia. Panga oda kwa mwezi zilipoagizwa, si zilipopokelewa. Ambayo bado haijafika usiiache wazi: iwekee 999 kwenye safu ya siku.

Hapo wastani unaharibika kabisa, lakini pasentaili haijali. Sema kati ya zile 20 za kwanza, mbili za mwisho bado ziko njiani. Namba ya 18 ni ileile 9, na itabaki 9 hata zikifika kesho au baada ya mwezi, mradi zote mbili zimeshapita siku tisa za kungoja. Ukitumia `PERCENTILE`, ile sehemu ndogo ya pengo itachukuliwa kati ya 9 na 999 na utaambiwa siku 108. Ndiyo maana nashikilia `SMALL`. Zikiwa tatu hazijafika, namba ya 18 yenyewe ni 999, na hapo jibu la kweli kwa bosi ni kwamba pasentaili ya 90 ya mwezi huu bado haijulikani.

Saa ya kuanzia na ya kumalizia nayo ina vita vyake. Watu wa stoo hutaka tuanze kuhesabu mzigo unapokabidhiwa kwa konda, maana kabla ya hapo wao ndio wanaoulizwa. Sisi tunaanza oda inapoandikwa. Tunamaliza mteja anapothibitisha kwamba amechukua mzigo, si basi linapofika stendi, kwa sababu boksi linaweza kukaa ofisi ya basi siku kadhaa bila mwenyewe kuambiwa. Na mteja akiagiza vitu sita tukamtumia vitano, oda haijafika mpaka cha sita kimfikie. Kanuni hiyo ya mwisho ilipingwa sana, na nakiri inatufanya tuonekane wabaya. Lakini mtu aliyepata cheni bila sproketi yake hana cha kuuza.

Pasentaili ya 90 haikuambii zile zilizobaki nyuma yake zilichelewa kwa nini, wala ni kwa kiasi gani. Kwa hilo hakuna fomula, unazifungua moja moja, na uzuri ni kwamba huwa chache. Oda ya siku 9 ilisubiri sproketi ambazo hazikuwepo stoo, na mzigo wote ukazuiwa kwa ajili yake. Ya siku 12 ililipwa kwa simu ya mtu mwingine, jina likatofautiana na la mteja, na uhasibu haukuitambua mpaka alipolalamika. Ya siku 17 ilisafiri vizuri kabisa: namba ya simu iliyoandikwa juu ya boksi ilikosewa tarakimu moja, ofisi ya basi ikapiga bila kumpata mtu, mzigo ukawekwa pembeni.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosababishwa na basi. Tulikuwa tunajadiliana na bosi kuhusu kubadilisha kampuni ya basi, na mabadiliko hayo yangepunguza labda siku moja kwenye oda ambazo tayari zilikuwa sawa. Badala yake sasa uhasibu wanamwomba kila mteja atume picha ya ujumbe wa malipo, kijana wa kufunga anapiga simu kwenye namba aliyoiandika kabla boksi halijatoka mlangoni, na oda yenye kitu kinachokosekana mteja anaulizwa siku hiyohiyo kama tutume vilivyopo au tusubiri. Ahadi ya njia ya Songea vijana wa mauzo sasa wanaisema kuwa siku tisa. Wengine wananung'unika kwamba inafukuza wateja, ila yule mama ameanza kuagiza mapema, mzigo wa kumtosha siku kumi ukiwa bado uko rafuni.