Salamu za sikukuu zisizojaza simu

"Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, kila Desemba linajaa salamu za kusambazwa. Wengine wamejitoa. Nifanyeje?"

Pole, ndugu yangu. Angalia mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umesambazwa mara tano au zaidi kabla ya kufika kwenu. Kubalianeni kuwa ujumbe wenye alama hiyo hauingii kundini. Kila mtu anaiona, kwa hiyo hakuna atakayehisi amelengwa. Ukiingia, msimamizi aufute, kisha amwandikie aliyetuma faraghani. Akikemewa mbele ya wote, atanyamaza hadi mwakani.

Ila msiache pengo. Kundi letu lilichangamka tulipoomba kila mtu sauti ya nusu dakika, au picha aliyopiga mwenyewe: jikoni, watoto, safari ya kijijini. Mwenzetu aliyefiwa mwaka huo alituma picha ya marehemu mama yake, na jioni nzima tukazungumza naye. Wenzetu Waislamu hawakuwa na Krismasi, lakini walituma za mapumziko yao, na Idi ilipofika wao ndio waliofungua mazungumzo. Video ndefu tuliziacha, maana wanaonunua bando la siku hawawezi kuzifungua.