Yamehakikishwa na nani?

*Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi ujenzi hapa Arusha. Kwenye mtihani wa statiki, chini ya swali la boriti, niliandika "majibu yamehakikishwa". Mhadhiri akazungushia kalamu nyekundu na kuandika "wapi?" Je, nilitakiwa kuandika "yamehakikiwa"?*

Marahaba. Kuhakiki ni kuchunguza kama jambo ni kweli. Kuhakikisha ni kuliondolea shaka kabisa. Yote mawili ni ndugu wa hakika, neno la Kiarabu. Sarufi imeishia hapo, maana kinachonikera ni kingine: siku hizi "imehakikishwa" hugongwa kama muhuri. Kondakta wa Moshi atakuambia siti yako imehakikishwa, kisha akukalishe juu ya injini.

Naweza kukisia ulichofanya. Tuseme boriti ina urefu wa mita 6, imeegemea ncha A na B, na mzigo wa kN 12 uko mita 2 kutoka A. Ukachukua momenti, yaani kani mara umbali wake, kuzunguka A, ukapata kani ya egemeo B: 12 × 2 ÷ 6 = 4. Ukatoa 12 − 4, A ikawa 8. Halafu ukajumlisha 8 + 4, ukapata 12, ukagonga muhuri.

Hapo hujahakiki kitu! Hiyo 8 uliipata kwa kutoa kwenye 12. Ukiirudisha, itakosaje kuwa 12? Chukulia uligawanya kwa 8 badala ya 6. B inakuwa 3, A inakuwa 9, na jumla ni 12 vilevile. Kosa limepita mlangoni, tena limesalimiwa.

Kuhakiki kunataka mlinganyo ambao hukuutumia. Chukua momenti kuzunguka B: mzigo unatoa 12 × 4 = 48, na kani ya A, ikiwa ni 8, inatoa 8 × 6 = 48. Zimelingana. Ile 9 ingetoa 54, ikaumbuka. Momenti ya kupinda nayo ina njia yake: ikokotoe chini ya mzigo kutoka pande zote mbili. Kushoto 8 × 2 = 16, kulia 4 × 4 = 16, yaani kNm 16. Kwa zile kani mbovu ungepata 18 kushoto na 12 kulia, na boriti haiwezi kuwa na momenti mbili mahali pamoja pasipo na momenti ya nje.

Kwa hiyo "yamehakikiwa" lingefaa, kwa sharti kwamba mstari wa momenti ya B uonekane juu yake. "Yamehakikishwa" sikupi hata ukiuandika. Ukisoma mchoro vibaya, mzigo ulio mita 3 ukauweka mita 2, hesabu zote hizi zitakubaliana bila aibu na jibu litabaki kosa. Andika "nimehakiki hesabu". La kuhakikisha majibu mwachie mwenye kalamu nyekundu.