Jopo likikubana kwenye udhaifu wa utafiti wako

"Natetea tasnifu ya uzamili wiki ijayo. Nilihoji wafanyabiashara 40 wa soko moja tu, naogopa jopo litanibana hapo. Nijiandaeje?"

Chapisha slaidi zako ukae nazo na kalamu. Kila penye namba, dai, au neno kama "wengi", andika pembeni swali ambalo mtahini mkali angeuliza. Kisha mpe rafiki asiye wa fani yako azipitie, kwa sababu wewe umeshazizoea mno. Anzeni na mbinu za utafiti. Huko ndiko maswali huzaliwa.

Sasa hilo la soko moja. Usilifiche wala usilizungukie kwa maneno mengi, maana mtahini akihisi unakwepa ndipo anapochimba. Kubali, toa sababu, kisha weka mpaka wa dai lako. Kwa mfano: "Ni kweli, ni soko moja, na sikuwateua kwa bahati nasibu, niliwahoji waliokubali. Muda na nauli havikuruhusu zaidi. Kwa hiyo matokeo yanaeleza hao 40, siyo wafanyabiashara wote wa mji." Lisome jibu hilo kwa sauti, likizidi nusu dakika, lipunguze.

Halafu fungua slaidi ya hitimisho. Ukikuta umeandika "wafanyabiashara wa Tanzania", jibu lako na slaidi yako vinapingana, na jopo litaliona hilo papo hapo. Rekebisha hitimisho kwanza, na tasnifu yenyewe kama bado inaruhusiwa.

Wakiuliza jambo ambalo hukulichunguza, sema "hilo sikulipima", kisha taja takwimu ambazo zingehitajika kulijibu. Usikisie.