Kamera ya Nikon iliyotumika: soma picha kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo

Muuzaji akikutumia picha ya kamera WhatsApp, usianze na jina aliloliandika chini yake. Anza na umbo. Jina linaweza kukosewa na mtu ambaye naye kauziwa hivyohivyo, lakini mahali magurudumu yalipo, na maandishi yaliyochapwa kwenye lenzi, hayabadiliki. Leo nazungumzia Nikon peke yake, kwa sababu huko ndiko vijana wengi wa Dar wanaopiga sendofu na harusi wanakoumia kwa jambo moja: lenzi inaingia kwenye kamera vizuri kabisa, inabana, inapiga picha, ila haifokasi yenyewe.

Chanzo chake ni hiki. Mdomo wa Nikon unaoshika lenzi, unaoitwa F, ulianza mwaka 1959 na umbo lake halikubadilishwa. Lenzi za otofokasi za zamani hazina mota ndani. Zinazungushwa na skrubu ndogo inayochomoza kwenye mdomo wa kamera, na mota ya kuizungusha hiyo skrubu iko ndani ya kamera. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, Nikon ikatoa kamera nyepesi zisizo na mota hiyo. Familia nzima ya D3000 mpaka D3500, na ya D5000 mpaka D5600, haina. Familia ya D7000 inayo, na D90 inayo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ukitazama picha ni moja: hii kamera ina mota, na kama haina, lenzi inayo?

Kuna mdogo wangu wa Mbagala alinitumia picha tatu. Maelezo ya muuzaji yalisema "Nikon D7000 na lenzi ya 50". Picha zilipigwa kwa flashi ya simu, kibati cha jina kimeng'aa chote, hakisomeki. Hakuna hata moja iliyoonyesha kamera bila lenzi. Watu wengi wakifika hapo wanakata tamaa au wanaamini tu. Lakini zile picha zilikuwa na kila kitu tulichohitaji.

Nilianza na bega la kamera. D7000 ina magurudumu mawili yaliyopandana, moja juu ya lingine, kwenye bega la kushoto la mpigaji. La juu ndilo lenye M, A, S, P, na pia U1 na U2. Upande wa pili, karibu na kitufe cha kupigia, kuna kioo kidogo cha namba. D90 nayo ina kioo hicho na gurudumu lake liko kushoto, ila ni moja tu, halijapandana na jingine. Kwenye picha ya kijana, bega la kushoto lilikuwa tupu. Gurudumu lilikuwa kulia, na kioo cha juu hakipo. D7000 ikafutika hapo hapo.

Angalizo kabla ya kuendelea. Kamera ikikutazama usoni, kushoto kwa mpigaji ni kulia kwako. Na picha ikipigwa kwa kamera ya mbele ya simu huweza kugeuka kama kwenye kioo, hivyo hakikisha kwanza kwamba neno Nikon linasomeka sawasawa.

Kisha nikatazama pembeni mwa lenzi. Hiki ndicho kielelezo ninachokiamini kuliko vyote, maana huonekana hata lenzi ikiwa imefungwa. Kamera ikikutazama, upande wako wa kulia kuna kitufe cha mviringo cha kufungulia lenzi. Chini yake, kamera yenye mota huwa na swichi ndogo iliyoandikwa AF na M. Isiyo na mota haina swichi hiyo, pale ni plastiki laini tu. Kwenye picha ile palikuwa laini. Picha ya tatu, ya mgongoni, ikaonyesha kioo kikubwa chenye bawaba upande wa kushoto, kile kinachofunguka kama kurasa ya kitabu. Hiyo ni familia ya D5000. Familia ya D3000 kioo chake kimegandishwa.

Ni D5200 au D5300? Kwa picha zile sikuweza kusema, na sikubahatisha. Umbo linakufikisha kwenye familia. Jina kamili litatoka kwenye kibati, au ukipiga picha moja kwa kamera yenyewe na kufungua taarifa za faili kwenye kompyuta, ambako modeli huandikwa.

Sasa lenzi. Karibu na pale inapobana kwenye kamera kulikuwa na pete yenye namba: 22, 16, 11, 8, mpaka 1.8, na ile 22 ina rangi ya chungwa. Pete hiyo ni ya kubadilisha tundu la mwanga kwa mkono, na kwenye Nikon 50 ya bei nafuu inakwambia ni ile ya zamani. Maandishi yake ni AF NIKKOR 50mm 1:1.8 D. Ndugu yake mpya, ya mwaka 2011, imeandikwa AF-S NIKKOR 50mm 1:1.8G. Haina pete ya namba, na ubavuni ina swichi ya M/A na M. Hata kipimo cha filta kinatofautiana: ya zamani ni 52, mpya ni 58, na mara nyingi namba hiyo imechapwa kwenye kifuniko cha mbele.

Herufi S ndiyo yenye uzito hapa. AF-S ina mota yake ndani. AF peke yake inategemea skrubu ya kamera. AF-P nayo ina mota, lakini usiinunulie D90, haitafokasi. Kwa lenzi za Sigma na Tamron herufi ni nyingine kabisa. Sigma yenye HSM ina mota, na kwa zisizoeleweka, omba kuzijaribu kwenye kamera ileile unayonunua, si kwenye nyingine ya muuzaji.

Nikamjibu: "Mdogo wangu, hiyo siyo D7000, na hiyo lenzi haitafokasi juu yake. Mwombe atoe lenzi, apige picha mdomo wa kamera dirishani bila flashi." Picha ikaja. Nukta nyeupe ya Nikon ipo, vituo vya umeme viko juu ndani ya mdomo kama ilivyo kwa Nikon, lakini chini kushoto kwenye pete ya chuma, pale skrubu inapokaa, hapana kitu.

Seti hiyo si bovu. Kwa mkono utafokasi, na nukta ya kijani itawaka chini kushoto ndani ya kitafutio, kile kidirisha unachochungulia, picha ikikaza. Kwa bidhaa iliyotulia mezani inatosha. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza, ukiwa umefungua 1.8, utapata kope za mtu wa nyuma yake. Akachukua bodi kwa bei ya bodi ya D5000, siyo ya D7000, lenzi akaiacha, akatafuta AF-S.

Na wewe ukiwa na D7000 au D90 ya kweli, ichukue ile ya zamani bila woga. Ukiifunga, kamera ikaandika FEE na kukataa kupiga, haijaharibika. Zungusha pete mpaka 22 ya chungwa, ifunge kwa kiswichi kidogo kilicho kwenye lenzi karibu na pete hiyo, kisha tundu la mwanga ulibadilishe kwa gurudumu la kamera.