Nukta za mashua za Lamu hazisogei kwenye QGIS

"Nimepakia faili la CSV lenye nukta za GPS za mashua za Lamu, lakini nikiwasha Temporal Controller zote zinabaki palepale."

Salaam, ndugu yangu. Kwanza tazama aina ya safu yako ya muda. Mara nyingi imeingia kama maandishi, si tarehe. Fungua Field Calculator, tengeneza safu mpya ya aina ya Date & Time, uandike:

```
to_datetime("muda", 'dd/MM/yyyy HH:mm') + to_interval('3 hours')
```

MM kubwa ni mwezi, mm ndogo ni dakika. Ukizichanganya tarehe zitaharibika. Zile saa 3 nimeziongeza kwa sababu vifaa vingi vya GPS huhifadhi saa za UTC. Mashua iliyotoka Shela saa 11 alfajiri ikionekana kwenye ramani inaondoka 02:00, basi hilo ndilo tatizo. Kama kifaa chako tayari kiko kwenye saa za Kenya, usiongeze kitu.

Halafu kwenye Properties > Temporal, washa Dynamic Temporal Control na uchague Single Field with Date/Time. Hapo usiruke Event duration: kama GPS inarekodi kila dakika 30 na picha zako zinasonga kwa dakika 10, weka dakika 30, la sivyo mashua zitakuwa zikipotea na kurudi. Ukitaka njia nzima ibaki ikionekana, tia alama Accumulate features over time.