Kuongeza floo mbili juu ya nyumba ya zege

"Niko Kasarani, nyumba ina slebu mbili, naweza ongeza mbili juu?"

Boss, usianzie juu, chimba kando ya nguzo ya katikati upime pedi, ile zege pana ya msingi chini ya nguzo. Tuseme nguzo ziko mita 4 kwa 4, hiyo nguzo inabeba skwea mita 16, na kila floo ni kama tani 1.2 kwa skwea mita, so slebu mbili ni tani 38. Pedi ikiwa 1.5 kwa 1.5 udongo unabeba tani 17 kwa skwea mita, ukiongeza mbili inafika 34. Ripoti ya udongo ikisema mwisho ni 20, hapo imekataa, na fundi akikwambia ataivisha nguzo koti la zege, nguzo itapona lakini pedi bado itazama. Pedi ikipita, ndio injinia akate sampuli za zege na akague nondo za nguzo.